Jina la pikipiki za dilivari Mombasa: fupi, la kuitwa getini na kuenea kwenye boksi

Binti_Tudor

Hamjambo wadau. Nina pikipiki tano zinazopeleka chakula, dawa na vifurushi vidogo. Oda nyingi tunazichukua Ganjoni na Buxton, na wateja wengi wako Tudor, Kongowea, Nyali hadi Bamburi. Kwenye maboksi tumeandika HUDUMA YA VIFURUSHI PWANI MWENDO KASI kwa sababu ndivyo tulivyojisajili. Hakuna mteja anayelitaja jina hilo. Wanatuita "wale wa helmeti nyekundu". Sasa kuna kundi jingine limenunua helmeti nyekundu, na nimeanza kupigiwa simu za malalamiko ya vifurushi ambavyo havikupita mikononi mwetu.

Kwa hiyo natafuta jina jipya. Nataka mpishi aweze kumwita kijana wangu kutoka mlango wa jikoni huku magari yanapita, kijana ajitangaze getini bila kupiga simu, na mteja aliye ghorofa ya tatu ajue ni nani amefika. Pia lienee nyuma ya boksi, ambalo lina upana wa sentimita 45, lisomeke na mtu aliye kwenye foleni ya Daraja la Nyali.

Nimebaki na matatu. KUSI, kwa ajili ya upepo wetu. HODI, kwa sababu ndiyo sauti ya mlangoni. Na DAKA, maana ndiyo tunayosema tukimrushia mtu kitu. Mwaonaje?

JumaMtandao

Dada, mimi ningeanza na utafutaji wa mtandaoni. Mtu akitaka dilivari Mombasa ataandika "dilivari Mombasa haraka". Jina liwe na maneno hayohayo, mfano MOMBASA HARAKA, na utaonekana wa kwanza. Ukiita Kusi, mtu atapata habari za hali ya hewa.

Kama lazima liwe fupi basi MWEWE. Ndege mwenye kasi, anashuka wima, nembo yake inachoreka vizuri. Herufi tano tu.

MamaPilau_Bombolulu

Samahani mwanangu, mnafika Bombolulu? Napika pilau na biriani za oda, na kijana ninayemtumia siku za Ijumaa hapatikani. Bei yenu ni ngapi kutoka Bombolulu mpaka Tudor?

Binti_Tudor

Mama, tunafika. Nimekuandikia pembeni, tuongee bei huko.

Juma, nimekuelewa kuhusu mtandao, lakini wateja wangu wengi wanapatikana kwa kuona boksi na kwa kuambiwa na jirani. Ndiyo maana nataka cha kutamkika.

Makanga_Mstaafu

Nimeita abiria kwenye steji za mji huu tangu ujana wangu, kwa hiyo hapa niko nyumbani. Niruhusuni niseme kwa kirefu.

Kwanza, Juma, mwewe hapana. Huku kwetu mwewe ni yule anayenyakua vifaranga. Umpe mtu kuku wa mama akapeleke, na mgongoni ameandika Mwewe? Mbali na hilo, hebu simama barabarani ulipige kelele. Halina pa kukamata. "Mw" na "w" ni sauti laini, zinayeyuka kwenye mngurumo wa tuktuk. Kinachomfikia mtu wa ng'ambo ni "eee", na kila mtu mjini anaitana kwa "eee".

Sauti ikienda mbali, kinachofika ni irabu. Konsonanti zinafika nusunusu. Ndiyo maana steji hatusemi jina zima. Gari la Likoni tunaita "Feri! Feri!", la Kongowea wengine wanakata wanabaki na "Kongo! Kongo!". Tunatafuta silabi iliyo wazi na kuivuta. A inakwenda mbali kuliko zote kwa sababu mdomo umefunguka. O na E zinafuata. I na U ni sauti za mdomo uliobanwa, zinachoka haraka.

Sasa KUSI. Irabu zake mbili ni U na I, zile zilizobanwa. Katikati kuna S, na S ni upepo tu: hewa ya breki za lori inaimeza. Ni jina zuri la kusomwa, lakini halitavuka barabara ya Digo saa kumi jioni.

HODI ina O nzuri, lakini hodi ni ya kila mtu. Muuza samaki anapiga hodi, jirani anapiga hodi, mkusanya kodi anapiga hodi. Mteja wako wa ghorofa ya tatu ataitika "karibu" na kuendelea na shughuli zake, akingoja mgeni apande. Hatashuka.

DAKA ndiyo bora katika hayo matatu. D na K zinagonga, A mbili zinavutika. Lakini usiniamini mimi, lijaribu kwanza.

Na jambo moja vijana wanalisahau: kijana wako ana helmeti. Ile inayofunika kidevu inakula konsonanti zote za mdomoni. Mfanye ajaribu akiwa ameivaa.

Fundi_Brashi

Naandika maboksi, matuktuk na mbao za maduka hapa Majengo. Mimi nazungumzia rangi.

Boksi la sentimita 45 halikupi sentimita 45. Kona zake zimepinda na kuna bawaba na kufuli, kwa hiyo acha nne kila upande. Unabaki na 37. Herufi nzuri ya kusomeka ina upana wa kama saba ya kumi ya urefu wake, na kati ya herufi unaacha sentimita moja hivi. Ukitaka urefu zaidi ya huo lazima uibane, na herufi iliyobanwa ikiwa mbali inakuwa ukuta.

Fanya hesabu ya DAKA. Herufi nne zinagawana 37, kila moja inapata tisa na kidogo, toa nafasi, unabaki na upana wa kama nane. Urefu wake unafika sentimita 11. Sisi mafundi tunahesabu sentimita mbili na nusu za urefu kwa kila mita tatu za umbali, kama unataka mtu asome bila kukaza macho. Kwa hiyo DAKA inasomwa vizuri mita 13 nyuma, yaani magari mawili matatu kwenye foleni. KUSI inapita hapo kwa sababu I ni nyembamba na inawaachia wenzake nafasi. Hiyo naiandika kwa sentimita 12 au 13.

MOMBASA HARAKA ni herufi 13 na nafasi moja. Kwa mstari mmoja kila herufi itakuwa na urefu usiofika sentimita tatu. Anayeisoma ni yule aliyepakiwa kwenye pikipiki ya nyuma yako. Ukiigawa mistari miwili unafika sentimita sita, lakini hapo umemaliza boksi lote na namba ya simu huna pa kuiweka.

Ushauri wangu: herufi nne, tano kwa shida.

Wakili_Kizingo

Niongeze upande wa sheria kwa ufupi, kwa sababu naona mkanganyiko hutokea sana hapa.

Dada, kusajili jina la biashara kupitia eCitizen, yaani kwa wasajili wa biashara, BRS, hakukupi umiliki wa jina lenyewe kama alama. Kunaonyesha tu nani yuko nyuma ya jina hilo. Ukitaka kumzuia yule wa helmeti nyekundu asiandike jina lako kwenye boksi lake, unahitaji alama ya biashara kutoka KIPI, taasisi inayosajili alama hizo. Huduma za usafirishaji na kupeleka vifurushi ziko daraja la 39. Ulinzi ni wa miaka 10, na unahuishwa kila miaka 10.

Hapo ndipo hoja ya Juma inapogeuka. Jina linaloeleza kazi yenyewe, kama Haraka au Mwendo Kasi au Mombasa Dilivari, ndilo gumu zaidi kulindwa, kwa sababu kila mfanyabiashara ana haki ya kusema kazi yake ni ya haraka na yuko Mombasa. Jina lako la sasa lina tatizo hilohilo. Kusi au Daka yana nafasi nzuri zaidi kwa sababu hayasemi moja kwa moja unachofanya.

Na kama hujaangalia leseni ya kubeba vifurushi kwa Mamlaka ya Mawasiliano, liangalie hilo kabla ya kununua rangi.

JumaMtandao

Nakubali kuhusu ulinzi, sikuwa nimeliangalia upande huo. Lakini bado nasema jina lisilojulikana linahitaji maelezo chini yake. Hata ukiandika DAKA kubwa, weka "chakula na vifurushi" kwa herufi ndogo chini. La sivyo watu watadhani ni kampuni ya ulinzi.

Fundi_Brashi

Hapo uko sawa kabisa, ndugu. Neno moja kubwa, mstari mmoja mdogo wa kazi, kisha namba ya simu. Namba iwe ubavuni mwa boksi. Nyuma inachafuka na matope ya tairi mvua za Aprili na Mei zikianza.

Nahodha_Mji_wa_Kale

Wanangu, mbona mmeacha maneno ya kubebea mizigo? PAKACHA je? Lile kapu la makuti tulilobebea nazi, maembe na samaki toka shamba hadi Marikiti. Sauti yake yagonga kama ngoma: pa-ka-cha. A tatu mfululizo, bwana Makanga. Na ni la pwani hasa.

Makanga_Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Kwa koo, hilo limeshinda yote yaliyotajwa. Nimelipiga hapa uani na jirani amegeuka.

Fundi_Brashi

Kwa boksi lina shida. Herufi saba zinanipa urefu wa sentimita sita, linasomwa kama mita saba hivi. Nikiligawa mistari miwili linakuwa PAKA juu na CHA chini, na watu watasoma paka.

Sasa naona tatizo lenyewe dada: jina linalopendwa na koo linachukiwa na brashi. Koo linataka silabi nyingi zenye A, brashi inataka herufi chache zenye I.

Nuru_wa_Kibokoni

Naomba nipinge Pakacha kwa sababu nyingine. Nahodha, wewe ndiye ungetukumbusha: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Sote tumelelewa na methali hiyo. Mzigo ukidondoka njiani, aliyeubeba anapata wepesi. Siku biriani ya mtu itakapofika imepungua, mtu wa kwanza mwenye ulimi ataisema hiyo methali, na itashikamana na jina.

Nahodha_Mji_wa_Kale

Kweli kabisa, Bi Nuru. Nilifikiria kapu nikaacha maneno yake. Hilo tuliweke chini.

Binti_Tudor

Nimefanya alivyosema Makanga. Jioni ya jana niliwapeleka vijana wawili Kongowea, ng'ambo ya soko. Mmoja alivaa helmeti. Nilimtafuta soja wa jengo moja na wauzaji wachache ambao hawajui lolote kuhusu jina, nikawaomba waniambie tu wamesikia nini. Sikuwapa orodha ya kuchagua.

KUSI: wengi hawakusikia neno, walisikia mtu anaita. Mmoja alisema "tusi", na akakunja uso.

DAKA: walisikia vizuri sana, lakini walisikia TAKA. Soja aliniambia, "Wa taka hupita asubuhi, leo mbona jioni?"

MamaPilau_Bombolulu

Nilitaka kuwaambia hilo hilo! Kwenye fleti zetu vijana wa taka wanaingia asubuhi wakiita "Taka! Taka!" na sote tunashuka na mifuko. Ukiniitia Daka getini mimi nitakuja na ndoo ya maganda ya vitunguu.

Ila ninalipenda kwa Ramadhani. Watu wakiagiza chakula cha daku usiku, Daka inakaa vizuri mdomoni.

Makanga_Mstaafu

Ndivyo inavyokuwa. D na T zinatoka mahali pamoja mdomoni. Tofauti yao ni mtetemo mdogo wa koo, na huo ndio wa kwanza kupotea kwenye kelele. B inakuwa P, G inakuwa K kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo kila jina lenye D, B au G mwanzoni, lisome pia kwa T, P au K uone limekuwa neno gani.

Na wengine watasema uliite mara mbili, Daka Daka, lisikike zaidi. Utapata takataka.

JumaMtandao

Basi TAMBA. Herufi tano, T tayari iko mwanzoni, A mbili. Maana yake kutamba mjini, kujulikana. Vijana watalipenda.

Nuru_wa_Kibokoni

Hebu uliite kwa mbali, Juma. Mtu akiita huvuta silabi ya mwisho. "Tambaaa!" Umemwambia kijana wa dilivari atambae.

JumaMtandao

Haya. Nimeliita na nimesikia. Nakubali.

Makanga_Mstaafu

Bi Nuru amegusa kipimo ambacho sikukitaja. Neno la Kiswahili likitamkwa kwa utulivu, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. Likiitwa kwa mbali, ya mwisho ndiyo inayovutwa. Kwa hiyo jina lina sauti mbili, ya mazungumzo na ya kuitwa, na zote mbili lazima ziwe salama.

Nahodha_Mji_wa_Kale

Nimelala nalo usiku huu. Mwanangu Binti, mwalijua PONDO? Ule mti mrefu wa kusukumia dau kwenye maji machache. Upepo ukikata, au mkiingia kijito chembamba ambamo tanga halifai, mwatoa pondo mkasukuma chini. Chombo kikubwa chasimama changoja maji, dau lapita. Wanao na pikipiki zao wafanya hivyo hivyo kwenye foleni ya Buxton.

Makanga_Mstaafu

Mzee, nimesimama. P inapasuka. O mbili ziko wazi kiasi, si kama A lakini zinavuka barabara. Zaidi ya hayo, majina ya watu na wito wa mtaani mwingi ni wa A: kaka, mama, taka, haya, njaa. O kwa O si nyingi hewani. Na "nd" katikati inaimba puani, haifungiwi na helmeti. Likivutwa ni "Pondooo", halina maana nyingine ninayoijua.

Kinachonitia wasiwasi ni P na K. Kwa mbali zinabadilishana. Mtu anaweza kusikia "Kondo" au "kondoo".

Fundi_Brashi

Kwa brashi: herufi tano, urefu unafika sentimita nane na nusu, linasomeka mita 10. Linavumilika. Lakini nina neno juu ya D. O, D na O zikiwa herufi kubwa za mviringo, kutoka mbali D inafanana na O, na mtu anasoma PONOO. Nilishaandika duka lenye jina la O na D, na mwenyewe alirudi kulalamika.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, mgongo wa D uwe mnyoofu na wenye kona kali juu na chini, na O ziwe duara kamili. Ya pili, tuandike kwa herufi ndogo, pondo. Hapo d ina mti unaopanda juu na p ina mti unaoshuka chini, na neno linapata umbo ambalo jicho linalikamata kabla ya kusoma. Hasara yake ni kwamba miti hiyo inakula nafasi ya juu na chini, kwa hiyo mwili wa herufi unashuka hadi kama sentimita saba. Mimi ningechagua ya pili. Mti wa p tuurefushe uwe pondo lenyewe, uguse ukingo wa chini wa boksi.

Rangi iwe buluu iliyokoza juu ya nyeupe, au nyeupe juu ya buluu. Usifuate nyekundu tena, jua la hapa linaipausha ikawa waridi kabla ya mwaka kwisha, na stika ya bei nafuu inaanza kuinuka kwenye kona kwa joto na chumvi. Sehemu ya boksi ipigwe msasa kwanza. Plastiki laini haishiki rangi, inabanduka kama ganda.

Wakili_Kizingo

Kwa upande wangu Pondo linaonekana na nguvu, kwa sababu halielezi huduma. Lakini mtu asichape kitu chochote kabla ya upekuzi. Pekua BRS kwa jina la biashara, pekua KIPI daraja la 39, na kwa kuwa mnabeba chakula angalia pia la 43 la migahawa. Usitafute Pondo tu, tafuta na yanayosikika kama hilo. Msajili huangalia mfanano wa sauti pia. BRS unaweza kupeleka zaidi ya jina moja kwa mpangilio unaoupenda, na likikubaliwa linahifadhiwa siku 30, kwa hiyo uwe tayari na nyaraka nyingine.

Kijana_wa_Likoni

Nimesoma uzi wote. Mimi naendesha boda upande wa pili wa feri. Sijawahi kusikia neno pondo mpaka leo, na sisi ndio wateja wenyewe. Nikiliona kwenye boksi nitadhani ni jina la mwenye pikipiki. Kusi nalijua, Daka nalijua. Mbona tunachagua neno la wazee?

Nahodha_Mji_wa_Kale

Mwanangu, kutolijua si dhambi. Jina hujulikana kwa kuitwa. Lakini nakubali hoja yako kwamba halitamwambia kijana chochote siku ya kwanza.

Kijana_wa_Likoni

Shikamoo mzee, sikukusudia kuvunja heshima. Naomba tu lijaribiwe kwa vijana pia, wasiwe masoja na kina mama peke yao.

Binti_Tudor

Nimelijaribu, na nimefuata ombi la Likoni. Safari hii nilikwenda pale pale Kongowea, kisha Mwembe Tayari karibu na magari, na mwisho nje ya fleti moja Tudor ambako kijana wangu aliita kutoka getini na mimi nilikuwa juu na wapangaji.

Mwembe Tayari wengi walirudisha "Pondo" bila kusita, hata vijana. Wachache walisema "Kondo". Kule juu kwenye fleti walisikia neno, na dada mmoja akauliza, "Pondo ndiyo nini?" Lakini alilitamka sawasawa alipouliza, na alipotelemka alilitamka tena. Kijana wa helmeti kamili alisikika vizuri kuliko kwa Daka.

Niliuliza vijana wanne watano maana yake. Hakuna aliyejua. Mmoja alisema linasikika kama jina la mchezaji mpira.

MamaPilau_Bombolulu

Pondo nalipenda, lakini hilo "Kondo" mlifikirie. Sisi wanawake tukisikia kondo tunafikiria kondo la nyuma, la uzazi. Mtu anasubiri chakula, halafu anasikia hivyo.

Makanga_Mstaafu

Mama yuko sahihi na sina dawa kamili. Kinachosaidia ni kuwafundisha vijana waifunge midomo kabisa kabla ya P, waihifadhi hewa, kisha waipasue. Asiyefanya hivyo atatoa K tu. Ni mazoezi ya siku chache. Ila mpishi na mteja huwezi kuwafundisha.

Nuru_wa_Kibokoni

Mimi ningependa kusikia jina la tatu kabla hatujafunga. TARISHI, mpeleka ujumbe, nani amelipima?

Fundi_Brashi

Herufi saba Bi Nuru, lakini mbili ni I. Naweza kulifikisha sentimita saba na nusu. Brashi hainalo ugomvi.

Makanga_Mstaafu

Koo linalo. TA inatoka vizuri, kisha "rishi" inaanguka. I mbili na sh, ni Kusi tena. Kwenye karatasi ningelichagua hilo mbele ya yote.

Wakili_Kizingo

Na tarishi ni mtu anayepeleka, kwa hiyo mpinzani anaweza kudai linaeleza kazi. Si lazima ashinde, lakini utatumia pesa kujibu.

Binti_Tudor

Asanteni nyote, kwa kweli. Nimeamua nitakavyokwenda, ingawa sijaamua jina. Kesho napeleka BRS PONDO la kwanza na KUSI la pili, na Wakili atanisaidia upekuzi wa KIPI. DAKA nimelitoa kwa sababu ya taka, ingawa linaniuma.

Fundi, naomba uniandikie pondo kwa herufi ndogo na PONDO kwa herufi kubwa kwenye vipande viwili vya kadibodi vya sentimita 45, kabla hatujagusa boksi. Nitavifunga nyuma ya pikipiki mbili na kuzifuata kwa gari Daraja la Nyali asubuhi na tena usiku taa zikiwaka, nione ni kipi kinapotea kwanza.

Kijana wa Likoni, kama una muda Jumamosi, nataka uendeshe moja ya hizo pikipiki. Nitakulipa siku nzima.

Kijana_wa_Likoni

Nitakuja dada. Lakini bado nasema Kusi.

Fundi_Brashi

Kadibodi zitakuwa tayari Ijumaa baada ya swala. Leta kipimo cha boksi lenyewe, si cha dukani, maana mengine huandikwa 45 na ndani ya bawaba ni 42.